Jobu imeandika Finished, delivari 172 hazijapostiwa: kusoma na kurekebisha kazi ya usiku kabla ya kufunga robo mwaka

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 1 Oktoba 2025, kazi ya usiku inayoposti utokaji wa bidhaa kwenye SAP ilianza, ikakimbia, ikamaliza. Asubuhi rangi yake ilikuwa ya kijani. Saa mbili kasoro mhasibu akanipigia: "Kaka, gharama ya mauzo ya jana haijaingia kwenye leja. Magari nimeyaona kwa macho yangu yakitoka. Mzigo umeenda wapi?"

Mzigo ulikuwa umeenda kwa wateja, ila kwa mujibu wa mfumo ulikuwa bado ghalani. Kati ya delivari 186 zilizotakiwa kupostiwa usiku ule, zilizopita ni 14 tu. Zile 172 zilizobaki ndizo ninazotaka kuzieleza, kwa sababu namna ya kuzirekebisha inayomjia mtu kwanza kichwani ingetuharibia robo nzima bila kutoa hata ujumbe mmoja wa kosa.

Kwanza tuelewane jobu hii inafanya nini. Mzigo ukishakusanywa ghalani na kupakiwa, delivari husubiri hatua ya mwisho: kuposti utokaji. Hatua hiyo ndiyo inayopunguza stoku na papo hapo kuandika kwenye leja, gharama ya mauzo upande mmoja na thamani ya stoku upande wa pili. Ankara ya mteja hufuata baadaye, na katika mpangilio wa kawaida haitoki kama delivari haijapostiwa. Kwa hiyo delivari isipopostiwa kwa wakati, kipindi kinakosa vitu viwili kwa mpigo, gharama na mapato, huku stoku ikionekana kubwa kuliko ilivyo. Sisi hatua hii tumeiachia programu `WS_MONITOR_OUTB_DEL_GDSI`, ile ile iliyo nyuma ya skrini ya `VL06G`, ikiendeshwa kila usiku na varianti yake.

Sasa twende kwenye kusoma. Ukifungua `SM37`, skrini inakuja na jina lako mwenyewe kwenye nafasi ya mtumiaji na tarehe ya leo. Jobu za usiku huendeshwa na mtumiaji wa mfumo, tena ile ya kwetu ilipangwa jana yake, kwa hiyo anayebonyeza haraka haoni kitu na anaapa kwamba jobu haikukimbia kabisa. Weka nyota kwenye nafasi ya mtumiaji, rudisha tarehe nyuma siku moja, utaiona. Kisha soma logi yake:

```
01.10.2025 00:12:03  Job started
01.10.2025 00:12:03  Step 001 started (program WS_MONITOR_OUTB_DEL_GDSI,
                     variant ZUSIKU, user ID BATCH01)
01.10.2025 00:19:47  Job finished
```

Watu wengi huishia hapo. Hali ni `Finished`, si `Canceled`, basi mambo shwari. Lakini `Finished` maana yake ni moja tu, kwamba programu ilifika mstari wake wa mwisho bila kuanguka. Kama ingeanguka ungekuta `Canceled`, na maelezo ya anguko lenyewe ungeyapata `ST22`. Programu hii imeandikwa isianguke. Inachukua delivari moja, inajaribu, ikikataliwa inaandika sababu pembeni na kuendelea na inayofuata. Inaweza kukataliwa zote 186 na bado ikamaliza kwa rangi ya kijani. Hata hivyo logi hii yenye mistari mitatu ilikuwa na neno moja la maana, nalo ni saa ya kuanza. Nitairudia.

Waliokataliwa utawapata sehemu nyingine. Kwanza kwenye karatasi ya jobu yenyewe, kitufe cha `Spool`, halafu kwenye `V_SA`, ambako SAP huweka logi za kazi zinazofanywa kwa mkupuo. Huko unaona delivari moja moja na sababu yake. Kabla ya kusoma sababu, mimi hupenda kwanza kujua idadi kutoka kwenye jedwali lenyewe, maana logi inasema yaliyojiri usiku na jedwali linasema hali ilivyo sasa hivi. Kwenye S/4HANA nafungua `SE16N`, jedwali la `LIKP`:

```
WADAT  <= 30.09.2025
WBSTK  =  A, B
```

`WADAT` ni tarehe iliyopangwa ya mzigo kutoka. `WBSTK` ni hali ya utokaji: `A` haijaguswa, `B` imepostiwa nusu, `C` imekamilika. Usichuje kwa kusema "isiyo `C`", kwa kuwa zipo delivari ambazo nafasi hiyo ni tupu kwa sababu utokaji hauzihusu, nazo zitakujazia orodha bure. Kwenye ECC ya zamani hali hiyo inakaa kwenye jedwali la `VBUK`. Mimi nilipata 172, zote `A`. Hakuna hata moja iliyokuwa `B`, na hilo lilinipa ahueni, maana hakukuwa na delivari iliyokatika katikati.

Logi ya `V_SA` ilikuwa na ujumbe mmoja uliojirudia mara 172:

```
M7 053  Posting only possible in periods 2025/09 and 2025/08
        in company code 1000
```

Ujumbe huu ukiusoma haraka unachekesha. Unasema posti kwenye Septemba au Agosti tu, nasi ndiyo Septemba yenyewe tuliyokuwa tunaiposti. Basi kwa nini imekataa? Imekataa kwa sababu haikuwa inaposti Septemba. Hapa ndipo ile saa ya kuanza inapoingia.

Jobu ilipangwa kuanza 23:30. Ilianza 00:12. Kwenye `SM37` kuna safu ya `Delay`, na pale palikuwa na sekunde 2,523, yaani kama dakika 42. Usiku wa mwisho wa robo kila idara ina ripoti yake, na nafasi za kuendeshea kazi za nyuma zilikuwa zimejaa tangu saa nne. Yetu ilipanga foleni. Sisi tunaosema Kiswahili, saa tano na nusu na saa sita na dakika kumi na mbili ni usiku ule ule, usiku wa kuamkia Jumatano, na hakuna anayeona mpaka wowote pale katikati. Kompyuta inauona. Ilipofika zamu ya jobu, tarehe ya mfumo ilikuwa 1 Oktoba, na programu, ikikuta delivari haina tarehe halisi ya kutoka, huchukua tarehe ya siku inayoendeshwa. Kwa hiyo ilijaribu kuposti Oktoba, na Oktoba upande wa stoku ilikuwa bado haijafunguliwa. Jobu ya kufungua kipindi, ile ya `MMPV`, ilipangwa saa saba usiku.

Na zile 14 zilizopita? Hizo ndizo zilizonithibitishia. Nilipofungua mbili tatu kwenye `VL03N`, nikakuta karani wa ghala alikuwa amejaza kwa mkono tarehe halisi ya kutoka, 30.09.2025, kwenye nafasi ya `WADAT_IST`. Programu ikakuta tarehe ipo, ikaiheshimu, ikaposti Septemba bila shida ingawa saa ilishapita usiku wa manane. Ukiwa na kundi la vilivyokwama, usiangalie vilivyokwama peke yake. Tafuta vilivyopita na uulize vina nini ambacho vingine havina.

Sasa tuje kwenye ule mtego niliousema mwanzoni. Nilipopigiwa simu, `MMPV` ilishafanya kazi yake. Oktoba ilikuwa wazi. Kijana wa zamu alikuwa tayari ameweka mshale kwenye jobu, anataka kuirudia. Angeirudia, delivari zote 172 zingepita bila ujumbe hata mmoja. Orodha ya `WBSTK` ingekuwa tupu, kila mtu angefurahi, na karibu mauzo yote ya siku ya mwisho ya robo ya tatu yangeingia kwenye robo ya nne. Kosa la `M7 053` kumbe lilitulinda. Kama ratiba ingekuwa kinyume, `MMPV` ikatangulia na jobu yetu ikachelewa, hakuna ambaye angejua chochote mpaka wakaguzi waje kulinganisha karatasi za getini na leja.

Kurudi nyuma baada ya hapo kunawezekana, ila kunachosha. Utokaji hutenguliwa kwa `VL09`, delivari kwa delivari au kwa kundi. Lakini kama jobu ya ankara imeshapita juu yake, `VL09` inakataa hadi ankara yenyewe ifutwe kwanza kwa `VF11`. Na ankara ikiwa imeshamfikia mteja, unaanza kuandikiana barua.

Kwa hiyo tulisimamisha mambo mawili kabla ya kugusa kitu: jobu ya utokaji na jobu ya ankara. Kisha tukajiuliza swali ambalo mfumo hauwezi kulijibu: ni mzigo upi hasa uliotoka tarehe 30? Tarehe ya kuposti haichaguliwi kwa sababu inapendeza kwenye ripoti. Inafuata siku ambayo bidhaa iliondoka mikononi mwetu kwa masharti tuliyokubaliana na mteja. Chini ya IFRS 15 mapato hutambuliwa mteja anapopata udhibiti wa bidhaa, na kwa masharti ya mauzo yetu yale udhibiti ulihamia kwa mteja gari likishapakiwa na msafirishaji kusaini. Wenye masharti ya kukabidhi mlangoni kwa mteja watapata jibu tofauti, na hilo wakae na wahasibu wao.

Tuliomba daftari la getini na hati za msafirishaji, tukalinganisha na zile 172. Zilizotoka kabla ya usiku wa manane zilikuwa 163. Tisa zilikuwa bado zimepangwa kwenye jukwaa la kupakilia kwa sababu lori moja halikufika. Hizo tisa ni za Oktoba, na ni za Oktoba hata kama tarehe yao iliyopangwa ilikuwa 30 Septemba. Meneja wa mauzo hakufurahi. Nilimwonyesha picha ya jukwaa aliyoipiga karani saa moja asubuhi, tukamaliza.

Kuposti nyuma kunahitaji milango miwili iwe wazi, na watu husahau mmoja. Mlango wa kwanza ni wa stoku. Baada ya `MMPV`, kipindi cha sasa ni Oktoba, na SAP inaruhusu kurudi kipindi kimoja tu nyuma, tena kama ruhusa hiyo imewekwa kwenye `MMRV`. Mlango wa pili ni wa leja, `OB52`. Huko vipindi hufunguliwa kwa aina ya akaunti, na wahasibu wakati wa kufunga hupenda kuacha `S`, ya akaunti za leja, wazi kwa ajili ya marekebisho yao na kufunga nyingine. Utokaji wa bidhaa unagusa `S` na pia `M`, ambayo ni ya vifaa, na ankara itakayofuata itataka `D`, ya wateja. Tulimwomba mhasibu aache zote tatu wazi kwa kipindi cha 9 hadi saa sita mchana. Muda wenye mwisho husaidia watu kukubali.

Nilianza na delivari moja. Niliifungua `VL02N`, nikaweka 30.09.2025 kwenye tarehe halisi ya kutoka, nikaposti, kisha nikafungua hati iliyozaliwa. Tarehe ya kuposti ilisomeka 30.09, tarehe ya kuingizwa 01.10. Hizi mbili hukaa pamoja kwenye hati daima, kwa hiyo hakuna kinachofichwa. Mkaguzi akitaka kujua nini kilirekodiwa baada ya robo kuisha, anachuja kwa tofauti hiyo. Hati ya leja nayo ilikuwa kipindi cha 9. Ndipo nikaenda `VL06G`, nikabandika namba za delivari 162 zilizobaki, nikazichagua zote na kuposti. Skrini huuliza tarehe ya utokaji kabla ya kuanza, na yenyewe huwa imeshajaza tarehe ya leo. Usibonyeze kuendelea kwa mazoea ya mkono. Badilisha.

Zilipita 159. Tatu zikakataa kwa sababu mpya, ambayo usiku ilikuwa imefunikwa na ile ya kwanza. Programu hujikwaa kwenye ukuta wa mbele na haioni wa nyuma:

```
M7 021  Deficit of SL Unrestricted-use 40 PC
```

Yaani stoku huru haitoshi, imepungukiwa vipande 40. Mtu wa ghala aliapa kwamba stoku ipo, na alikuwa sahihi. Kwenye skrini ya stoku ya leo vipande vilikuwepo 120. Hapa kuna jambo ambalo ukilikosa utazunguka siku nzima: unapoposti kwenye kipindi kilichopita, SAP hukagua stoku ya sasa na pia ile ya mwisho wa kipindi hicho, na zote mbili lazima zitoshe. Nilifungua `MB5B` kwa bidhaa hiyo nikaona stoku ya mwisho wa Septemba ilikuwa pungufu, halafu ikaruka tarehe 1 Oktoba. Kulikuwa na mapokezi kutoka kiwandani, mwendo wa `101`, yaliyopostiwa saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi ile.

Sasa fikiri kidogo. Bidhaa zilishatoka na lori jana jioni. Haziwezi kutoka kabla ya kuingia. Kwa hiyo kosa halikuwa kwenye delivari, lilikuwa kwenye mapokezi: kiwanda kilikabidhi tarehe 30, karani akaingiza asubuhi na kuiacha tarehe ya leo kama ilivyokuja. Hati ya makabidhiano ilionyesha hivyo. Tulitengua mapokezi kwa `102` yenye tarehe 1 Oktoba, tukayaingiza upya kwa `101` yenye tarehe 30 Septemba, na zile delivari tatu zikapita zenyewe. Kishawishi pale kilikuwa kuruhusu stoku hasi kwa dakika chache ili zipite. Ungelipata suluhisho la saa hiyo, na kiwanda kingeonekana kimezalisha Oktoba kilichouzwa Septemba.

Kuna kosa la tatu ambalo hatukulikuta siku ile ila hutokea sana usiku wa aina hii: bidhaa kufungwa na mtumiaji mwingine, ujumbe wa `M3 024` au `M3 897`. Hilo huna la kurekebisha. Angalia `SM12` nani ameshikilia, mwombe atoke, jaribu tena. Usifute kufuli la mtu ambaye bado yuko kazini. Na kama delivari inasema imepostiwa kwenye skrini lakini jedwali linasema `A`, pitia `SM13`, kwani huenda uandishi wenyewe ulikatika. Ukikuta hivyo, soma sababu kisha uposti delivari upya. Kurudia ule uandishi uliokatika kutoka kwenye `SM13` kunaweza kuandika data ambayo imeshabadilika tangu usiku.

Kuhakiki kulikuwa kwepesi. Kwenye `MB51`, mwendo wa `601` ambao ndio wa utokaji kwa mteja, tarehe ya kuposti 30.09.2025, tarehe ya kuingizwa 01.10.2025: delivari zilizomo lazima ziwe 163 pamoja na zile 14 za usiku, ambazo nazo ziliingizwa baada ya saa sita. Zilikuwa 177. Kwenye `LIKP` zikabaki tisa, na majina yake yalilingana na orodha ya jukwaani. Baada ya hapo ndipo tukaifungua jobu ya ankara, tukatazama tarehe kwenye ankara tano za mwanzo kabla ya kuziachia zote.

Kuhusu ratiba, pendekezo la kwanza kwenye kikao lilikuwa kuifanya `MMPV` ianze baada ya jobu ya utokaji, kwa sharti kwamba ya kwanza iwe imefaulu. `SM36` inaweza kufanya hivyo. Tatizo ni kwamba sharti hilo linaangalia neno `Finished`, na tumeshaona neno hilo lina thamani gani. Tulichofanya ni kuirudisha jobu hadi saa tatu usiku kwa siku za mwisho wa mwezi, kuipa daraja `A` ili isipange foleni nyuma ya ripoti, na kuandika programu fupi inayohesabu delivari zilizobaki `A` au `B` na kutuma barua pepe yenye idadi. Ghala nalo sasa hujaza `WADAT_IST` lori linapotoka getini, kama alivyokuwa akifanya yule karani wa zile 14.

Barua pepe ya tarehe 31 Desemba ilifika saa tatu na robo usiku, ikiwa na namba 4. Nilimpigia karani. Akaniambia lori liko getini, linasubiri muhuri.